Mnamcheka "Bosi Daftari"? Ile Siyo Orodha ya Wapiga Kelele

Wiki hii kuna picha moja inazunguka sana kwenye magrupu na stastasi za watu wa mjini. Ni ukurasa wa daftari. Kuna tarehe, kuna saa, kuna herufi za mwanzo za majina ya watu. Aliyeipiga ni mtu wa ndani wa stesheni moja ya redio hapa Dar, na daftari lenyewe ni la meneja mpya wa vipindi, mdada wa miaka 28. Chini ya picha kaandika: "Wadau, tumeletewa kiranja."

Basi kazi ikaanza. Watu wamecheka mpaka machozi, mdada kapewa jina la Bosi Daftari, na kila anayepita anaongezea lake. Bosi gani anaandika watu? Kashindwa kazi huyo. Timu imemkataa, arudi alikotoka.

Sawa, tucheke. Ila waliocheka wengi wamesoma shule za msingi za hapa hapa, na wanaijua orodha ya kiranja ilivyokuwa. Mwalimu akitoka, kiranja anachukua chaki anaandika majina ya wapiga kelele. Rafiki yake hata akipiga makelele haandikwi. Adui yake akikohoa tu anaandikwa, na kuwekewa alama ya mara tatu. Hakuna anayeandika ulisema nini wala saa ngapi. Mwalimu akirudi anachapa majina. Ndiyo maana mtu mzima akiona jina lake kwenye daftari la mwenzie, damu inachemka.

Tatizo ni moja tu. Ukiikuza ile picha na kuisoma, siyo orodha ya majina. Ni orodha ya matukio. Na kilichoandikwa pale ndicho ambacho aliyeipiga picha hakutaka mkisome.

KILICHOTANGULIA

Mdada aliingia pale mwanzoni mwa mwezi wa 3. Alikuta timu ya watu 6 wa kipindi cha jioni, kile kinachoanza saa 10 mpaka saa 1 usiku: watangazaji wawili, prodyuza, fundi mitambo, mwandishi wa habari za mastaa, na kijana wa kurasa za mitandao. Mmoja wa watangazaji ni mkongwe, ana miaka 9 kwenye kipindi hicho hicho, na kabla mdada hajaja alikuwa amekaimu nafasi ya umeneja miezi minne. Aliamini kiti ni chake. Hata angekuwa nani, ingeuma. Hilo tumpe haki yake.

Lakini kuumia ni kitu kimoja na alichokifanya ni kingine. Hakwenda kwa wakubwa kuuliza kwa nini hakupewa. Hakusimama kikaoni kusema mpango wa meneja mpya ni mbovu. Alichofanya ni kile ambacho kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anakijua na hakuna anayekitaja.

Kikao ni Jumatatu saa 4 asubuhi. Meneja anaongea, timu inakula buyu. Wote macho kwenye simu. Akiuliza "Kuna mwenye wazo?" anajibiwa "Hamna madam, iko poa." Kikao kikiisha wanashuka kwa mama wa chai, na pale ndipo kikao chenyewe kinapofanyika. Linaundwa grupu la pili la WhatsApp lisilo na meneja, na mipango ya kweli inapita humo. Ijumaa mgeni wa kipindi anasogezwa kutoka saa 11 kwenda saa 12. Menejimenti ya msanii inaambiwa, fundi mitambo anaambiwa, meneja haambiwi. Anashuka studio saa 11 na mkurugenzi wa masoko kumsalimia mgeni, anakuta kiti kitupu. Jioni, hewani, inarushwa mizaha ya "wakubwa wadogo", wote studio wanaangua kicheko, na wasikilizaji hawajui anachekwa nani.

Chukua lolote kati ya hayo umpelekee mtu. Watu wamekaa kimya kikaoni? Labda walikuwa wamechoka. Mgeni kasogezwa? Redio ndivyo ilivyo. Utani hewani? Acha utoto, dada. Na hapo ndipo penye ujanja wa mchezo huu. Kila kipande ni kidogo kiasi kwamba ukikilalamikia, wewe ndiye unaonekana mdogo. Uzito wake unaonekana vikiwekwa pamoja, kwa mpangilio, na tarehe zake. Bila hapo ni neno la mgeni mmoja dhidi ya watu sita.

DAFTARI LA KWANZA LILIKUWA BOVU KWELI

Hapa wanaomcheka wanastahili kupewa pointi moja. Mdada alianza kuandika wiki ya pili, na alichoandika hakikuwa na faida yoyote. "Leo wamenidharau tena." "Wote wamenikaushia." "Huyu kaka ana roho mbaya."

Wiki ya sita akabeba daftari lake mpaka kwa afisa rasilimali watu, akaanza kumwaga machungu. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Nani? Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Ulikuwa umemwagiza nini, lini, kwa njia gani? Mdada hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa anakumbuka maumivu tu. Akatoka pale mtupu, na kwa sababu ofisi zetu zina masikio, jioni ile ile timu nzima ilijua kuwa kaenda kushtaki na kashindwa. Wiki iliyofuata ndiyo wakazidisha.

Lile daftari la kwanza ndilo lililokuwa la kiranja. Majina na hasira. Kama picha ingepigwa ya lile, kicheko kingekuwa halali.

La pili ndilo mnaloliona. Ukurasa uliovuja una tukio moja la Jumatano. Limeandikwa hivi:

"Saa 5:40 asubuhi. Nimemwagiza prodyuza kwa meseji: mdhamini atajwe hewani mara 4, saa 10:20, 11:05, 11:50 na 12:30. Amejibu: 'Sawa madam.' Hewani ametajwa mara 2, saa 10:20 na 12:30. Saa 1:15 usiku nimemuuliza. Amesema: 'Kaka kasema zipunguzwe, zinaua mzuka.' Alikuwepo fundi mitambo. Ushahidi: meseji, rekodi ya kipindi. Matokeo: Alhamisi saa 3 asubuhi mdhamini amelalamika idara ya masoko, lawama zimeletwa kwangu. Kosa langu: hakuna."

Soma tena taratibu. Humo ndani hakuna neno "dharau". Hakuna "roho mbaya". Kuna agizo, kuna jibu, kuna kilichofanyika, kuna aliyeona, kuna mahali pa kuhakikisha, na kuna hela ya mtu iliyoguswa. Mtu asiyemjua yeyote kati yao anaweza kwenda kusikiliza rekodi ya kipindi cha siku ile na kuhesabu mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti. Orodha ya kiranja unatakiwa kuiamini. Hii unatakiwa kuikagua.

Halafu angalia sehemu ya mwisho: "Kosa langu." Kila tukio lina mstari huo, na siyo kila mara ameandika "hakuna". Kiranja gani wa darasani uliwahi kumwona anajiandika mwenyewe ubaoni?

ALIPOHESABU

Aliandika wiki tano. Kila siku yenye tukio aliandika siku hiyo hiyo kabla ya kulala, kwa sababu ukiandika baada ya wiki, akili inaongeza chumvi yenyewe bila kukuomba ruhusa. Zikapatikana kurasa za matukio 14. Kisha akakaa chini akayahesabu, na hesabu ikatoa vitu viwili ambavyo yeye mwenyewe hakuvitegemea.

Cha kwanza: siyo "wote". Matukio 10 kati ya 14 yalianzia kwa watu wale wale wawili, mkongwe na mtangazaji mwenzake. Prodyuza alionekana mara 6, na kila mara kulikuwa na maneno ya "kaka kasema". Fundi mitambo na mwandishi walikuwa wanaonekana kama mashuhuda tu. Kijana wa mitandao hakuonekana hata mara moja. Ile sentensi mnayoipenda, "timu imemkataa", kwa hesabu haipo. Wawili walikataa. Wanne waliogopa.

Na hofu hiyo ina sababu. Alipomwita prodyuza peke yake na kumwonyesha zile mara sita, kijana aliinamisha kichwa akasema: "Madam, wewe unaweza kuondoka. Mimi nikigombana na kaka, hapa sina pa kukaa." Mkongwe ndiye aliyemleta mjini, ndiye aliyemtafutia kazi. Nani hapo ana nguvu, mwenye cheo au mwenye miaka 9? Wanaosema bosi hawezi kuonewa kwa sababu ni bosi wajibu hilo swali kwanza. Cheo kinaandikwa mlangoni. Kujua mitambo inavyofanya kazi, kuwa na namba za mameneja wa wasanii, kushika maikrofoni masaa matatu kila jioni mbele ya jiji zima, hivyo vyote vilikuwa upande wa pili.

Hata dunia ya kazi imeshalitambua hili. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unapotaja watu wanaotakiwa kulindwa unawaweka wazi na wale wanaotekeleza mamlaka ya mwajiri. Yaani mameneja. Hawakuwekwa mle kwa kukosea.

Cha pili kilichotoka kwenye hesabu kilimuuma yeye. Matukio 4 kati ya 14 yalikuwa na mkono wake. Mara mbili alitoa agizo kwa mdomo akiwa anapita koridoni. Mara mbili alibadilisha mpangilio wa kipindi saa 9 alasiri, watu wakiwa wameshapanga kila kitu. Hapo timu haikumsusia. Ilikuwa imevurugwa na yeye.

Alichofanya ni kurekebisha cha kwake kwanza. Mpangilio wa kipindi ukawa unafungwa saa 7 mchana na kutumwa kwa maandishi kwenye grupu la kazi. Mwenye pingamizi anaandika humo humo kabla ya saa 8. Baada ya kila kikao cha Jumatatu akawa anatuma mistari mitano: tumekubaliana hivi, nani anafanya nini, kama nimekosea nisahihisheni leo. Wiki mbili zilizofuata, yale matukio ya mkanganyiko yakapotea kabisa. Yaliyobaki yalikuwa ya wale wawili tu, na safari hii hakuna aliyeweza kusema "hatukuambiwa".

Hii ndiyo sehemu ambayo meneja mpya yeyote anatakiwa kuielewa. Kabla ya kusema unahujumiwa, ondoa kwanza uwezekano kwamba unaeleweka vibaya. Ukishaweka maagizo wazi, kuchanganyikiwa kunakwisha. Hujuma haikwishi, inatafuta njia nyingine. Na kuna tofauti na ukosoaji wa kawaida pia. Mtu anayekukosoa anakwambia wewe, anakwambia kitu gani, na kikirekebishwa ananyamaza. Anayekuhujumu kikaoni anasema "poa", nje anapindua, kisha lawama zikija anakusindikiza kwa macho.

KWA NINI WALIKUWA NA HARAKA

Kuna kitu hakisemwi kwenye zile komenti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inasema ile sehemu ya ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Meneja naye ni mfanyakazi. Mdhamini akinuna mara mbili tatu, mapato yakiyumba, wakubwa wakaambiwa "huyu dada haelewani na watu", ndani ya miezi 6 anaweza kutolewa na akawa hana pa kushika. Wanaomsagia kunguni bosi mpya siyo lazima wawe wamesoma kifungu. Wanajua tu kwamba mgeni anaondoka kirahisi akiwa bado mgeni.

Sheria hiyo hiyo haimpi meneja fimbo ya kuchapia kila mtu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja ukaidi uliokithiri kama mojawapo ya makosa yanayoweza kufikisha mtu kwenye kuachishwa kazi. Uliokithiri. Kutosalimia bosi siyo kosa hilo. Kosa dogo la mara ya kwanza linaanza na kuonywa, na mtu asikilizwe. Kwa hiyo bila kumbukumbu meneja hana hata njia ya kutoa onyo la haki, maana onyo linataka kosa linalotajika. Linamlinda hata mkongwe. Angeonywa kwa maneno ya "una dharau" angekuwa na kila sababu ya kulalamika.

Alimwita mwenyewe kwanza, ofisini, mlango umefungwa. "Kaka, Jumatano mdhamini alitakiwa kutajwa mara nne, akatajwa mara mbili. Nieleze." Jibu likawa: "Mdogo wangu, redio haiendeshwi kwa daftari." Angalieni, hakusema siyo kweli. Akaambiwa kama ana pingamizi alete kikaoni na litaandikwa kama lilivyo. Hakuleta. Siku nne baadaye mdhamini akarukwa tena. Ndipo muhtasari wa kurasa mbili ukapanda kwa bosi wake na kwa afisa rasilimali watu, yule yule wa maswali matatu. Safari hii majibu yalikuwepo. Mkongwe aliitwa, akapewa nafasi ya kujieleza, akapewa onyo la maandishi. Mtangazaji mwenzake aliomba radhi mbele ya kikao.

Picha mliyoicheka ilipigwa kesho yake, daftari likiwa limeachwa mezani. Siyo wiki moja kabla. Kesho yake.

ALIPOKOSEA NA PASIPO NA MJADALA

Kuliacha mezani lilikuwa kosa, na kubwa. Kumbukumbu yenye habari za watu inafungiwa kabatini, haiachwi karibu na kikombe cha chai. Kuna watu humo hawakuwa na hatia, leo herufi za majina yao zinazungushwa mjini.

Kwa mengine alijizuia vizuri. Hakurekodi watu kwa siri na simu, kitu ambacho kingemgeuza yeye kuwa mshtakiwa. Alitegemea vitu vya kazi ambavyo vipo tayari: meseji za grupu la kazi, barua pepe, rekodi ya kipindi. Hakujitumia nyaraka za ofisi kwenye barua pepe yake binafsi. Na hakuandika nani anatoka na nani, nani anadaiwa, nani kalewa wapi, japo kwa ofisi ile angejaza daftari tatu.

Kuna wanaosema mameneja wengi ndio waonevu, na daftari kama hili litawapa silaha. Waonevu wapo, wengi tu. Lakini meneja mwonevu haogopi kitu kama kumbukumbu ya namna hii, maana akiandika agizo lake, saa yake na kosa lake, atajikamata mwenyewe. Na mfanyakazi anayeonewa na bosi anaweza kuandika hivi hivi, mistari ile ile.

Mdada anamaliza mwezi wake wa nne. Bado yupo, jina la Bosi Daftari bado linamfuata, na mizaha ya "wakubwa wadogo" imeacha kusikika jioni. Prodyuza siku hizi anaandika pingamizi zake kwenye grupu kabla ya saa 8, na mbili zimekubaliwa.

Komenti ziko wazi. Unayesema kashindwa kazi, karibu. Ila njoo na tukio: lini, nani, alifanya nini. Ukija na "roho mbaya" tu, ujue wewe ndiye uliyeshika chaki ya kiranja.